Katoni imeshachukuliwa, lakini na nani? Basi, Posta au kampuni ya vifurushi

Swali

Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Cheyo hapa Tabora. Nachuja na kufungasha asali nyumbani, ile ya Sikonge, na kuiuza kwa simu kwa wateja wa Dar, Dodoma na Mwanza. Mwaka jana nilituma mizigo 60 kwa basi. Mmoja ulipotea moja kwa moja. Mwingine, katoni ya chupa 24 za kilo moja, ofisi ya basi ya Dar wanasema umeshachukuliwa, na mteja wangu wa Kariakoo anasema hajauona. Kwenye daftari kuna saini isiyosomeka. Nilikuwa nimemtumia mteja picha ya risiti kama kawaida, naye akairusha kwa bodaboda wake. Alilipa nusu, sasa anadai hela yake.

Mume wangu anasema nihamie kampuni ya vifurushi. Katoni kwa basi nalipa 12,000, na mteja anakodi bajaji 10,000 mpaka dukani. Kampuni wanataka 38,000 mpaka mlangoni kwa mteja, na bima ya hiari ni asilimia 2 ya thamani. Kifurushi cha chupa tatu basi ni 5,000, kampuni 12,000. Halafu kuna konda ananiambia nimpe 5,000 kwa katoni, bila risiti. Chupa nauza 12,000, na mpaka imefungwa inanigharimu 8,000. Nishike njia ipi?

Mama Wawili, Cheyo, Tabora

Jibu

Marahaba mwanangu. Pole kwa hasara. Nimefurahi kwamba umeniandikia na hesabu zako kamili, maana wengi huniuliza "njia ipi nzuri" bila kuniambia wanatuma nini na kwa shilingi ngapi, na hapo sina la kuwajibu.

Nimesimama nyuma ya kaunta ya vifurushi miaka mingi, kwa hiyo nianze na kilichotokea pale Dar, kisha ndiyo tuje kwenye bei.

Risiti unayopewa Tabora inathibitisha kitu kimoja tu: kwamba ulikabidhi mzigo. Haisemi lolote kuhusu kupokewa. Kule unakoshukia mzigo, karani ana rundo la katoni, foleni ya watu, na basi lingine linaingia. Mtu akifika akataja namba ya mzigo na jina lililoandikwa juu, karani anampa. Kwake yeye anayejua namba ndiye mwenye mzigo. Sasa fikiria picha ya risiti yako. Ina namba, ina jina la mpokeaji, ina simu yake, ina jina la ofisi. Ni ufunguo mzima. Ukimtumia mteja, naye akamtumia bodaboda, na bodaboda akamwonyesha mwenzake kijiweni ili amsaidie kwenda Mbezi, ufunguo umeshapita mikono mitatu na hujui uko wapi. Mizigo mingi niliyoiona ikipotea haikupotea njiani. Ilifika salama, ikakabidhiwa kwa mtu mwenye picha.

Ndiyo maana sitaki ukimbilie kubadilisha gari kabla hujatengeneza makabidhiano. Tupige hesabu uone mwenyewe.

Chukua katoni kubwa. Kwa basi gharama yote ni 12,000 yako na 10,000 za bajaji, jumla 22,000. Bajaji analipa mteja, lakini iingize, kwa sababu anayelipia mzigo mpaka dukani huiona bei yako kwa ujumla wake. Kwa kampuni ni 38,000, na bima ya asilimia 2 kwa mzigo wa 288,000 ni 5,760, jumla 43,760. Kwa hiyo kampuni imezidi basi kwa 21,760 kila katoni.

Je, hizo 21,760 zinakununulia nini? Zinakuondolea hasara ya basi. Basi hasara yenyewe ni kiasi gani? Mizigo miwili kati ya 60 ni sawa na mmoja kati ya 30. Katoni ikipotea unapoteza asali na chupa, 8,000 mara 24, yaani 192,000, na nauli ya 12,000 imeenda bure. Jumla 204,000. Sikuweka bei ya kuuzia, kwa sababu faida ile hukuitoa mfukoni, na maadamu bado una asali ndani, unaweza kufungasha katoni nyingine ukaiuza. (Ukiwa umebakiwa na asali kidogo na msimu uko mbali, hapo weka bei ya kuuzia, maana katoni iliyopotea haina mbadala.) Gawanya 204,000 kwa 30. Unapata 6,800.

Maana yake, kila katoni unayopakia kwenye basi imebeba hasara ya wastani ya 6,800, na mumeo anakuambia ulipe 21,760 kuikwepa. Mizigo 60 ni michache, na mwaka mmoja unaweza kuwa wa bahati, kwa hiyo fanya hasara iwe mara mbili: 13,600. Bado basi ni nafuu. Ili kampuni iwe nafuu kuliko basi, ingebidi upoteze katoni moja katika kila tisa hivi. Kwa kifurushi cha chupa tatu ndiyo kabisa. Kikipotea umepoteza 24,000 za asali na 5,000 za nauli, ukigawanya kwa 30 haifiki hata 1,000, ilhali kampuni inazidi basi kwa 7,000.

Kwa hiyo mizigo yako ya kila siku ibaki kwenye basi. Lakini zile 6,800 usizile. Kila ukituma katoni tenga 7,000, kila ukituma kifurushi kidogo tenga 1,000, weka kwenye laini ya simu ambayo huitumii kwa kitu kingine. Ukipata hasara, mteja umrudishie kutoka humo. Hiyo ndiyo bima yako ya mizigo midogo, na haina fomu wala mtu wa kukuambia kifungu fulani hakikuruhusu.

Kuhusu haraka sitasema sana. Asali haiozi. Basi linalotoka Tabora asubuhi huwa Dar usiku uleule au alfajiri, na kampuni yenye kukusanya mizigo ofisini, kuipanga, kuisafirisha na kuipanga tena kule inaweza kuchelewa zaidi ya basi. Mtu akilipa zaidi kwa kampuni mara nyingi hanunui mwendo, ananunua mikono inayosaini. Mteja wa duka naye hahitaji asali kesho. Anahitaji kujua ni siku gani, ili asikose kitu rafuni. Mwambie siku moja zaidi ya unavyotarajia.

Sasa makabidhiano. Hapa ndipo pesa yako ilipo.

Unapotuma, hakikisha karani anaandika kwenye risiti na kwenye hati inayosafiri na mzigo: idadi ya katoni, kilichomo, uzito, jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, na maneno haya: "apokee mwenyewe kwa kitambulisho". Wengi huandika "Mama Asha" au "Duka la Asali", na hapo karani wa Dar hana cha kulinganisha. Kama mteja atamtuma mtu, akupe jina kamili la huyo mtu kabla ya basi kuondoka, na jina hilo ndilo liandikwe. Akibadilisha baadaye, apige simu ofisini mwenyewe akitumia namba yake iliyoandikwa kwenye risiti. Katoni ifunge kwa utepe wa karatasi wenye gundi, saini juu ya utepe ili saini ivuke upande wa katoni na upande wa utepe, piga picha ikiwa juu ya mzani. Ikifunguliwa njiani, saini haitakutana tena.

Mteja usimtumie picha ya risiti. Mtumie meseji yenye jina la basi, namba ya gari, saa ya kuondoka na ofisi ya kuchukulia. Namba ya mzigo mpe akiwa amesimama kaunta, kwa simu. Kwa kifurushi cha chupa tatu huenda ukaona ni usumbufu, na sitakulaumu ukiruka. Kwa katoni usiruke.

Mzigo ukichukuliwa, siku hiyohiyo piga ofisini Dar, usimpigie mteja peke yake. Uliza maswali matatu: nani amechukua, saa ngapi, ametumia kitambulisho gani. Omba wakupigie picha ukurasa wa daftari. Ukiomba siku hiyo karani anakumbuka na daftari liko mezani. Ukiomba baada ya wiki mbili daftari limejaa, limepelekwa stoo, na karani yuko zamu nyingine. Halafu mteja akuandikie, asikutumie sauti: "Nimepokea katoni moja, chupa 24, hazijavuja, tarehe fulani." Maneno hayo pamoja na ukurasa wa daftari ndiyo uthibitisho wa kupokelewa. Jina linalosomeka, namba ya kitambulisho, saini, saa, idadi na hali ya mzigo. Kikikosekana kimoja, mtu atapata pa kuingilia.

Hata kampuni ikikuuzia huduma yenye "ufuatiliaji", angalia neno la mwisho linaloonekana kwenye simu. "Imefika" maana yake gari limefika ofisini kwao. "Imekabidhiwa" bila jina la mtu haitofautiani sana na saini yako isiyosomeka. Kabla hujalipa 38,000 mwambie karani akuonyeshe uthibitisho wa mzigo wowote uliokwisha kupokelewa wiki hiyo, majina yakiwa yamefichwa, uone unafananaje. Kama hana cha kukuonyesha, unalipia gari tu, na gari unalo tayari kwa 12,000. Uliza pia kama wana leseni ya kusafirisha vifurushi na vipeto kutoka TCRA, kwa sababu bila leseni hiyo hutakuwa na pa kupeleka lalamiko lenye nguvu.

Posta hukuitaja kwenye bei zako, lakini ipo mjini pako na ina jambo moja zuri kwa mteja wa wilayani ambako basi lako halina ofisi. Ukituma kwa EMS, yaani huduma yao ya haraka, unapewa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa, na TZ mwishoni. Herufi ya kwanza inakuambia huduma: E ni EMS, C ni kifurushi cha kawaida, R ni rejista. Nimeona watu wakidhani wametuma EMS kumbe karani alichukua njia ya nafuu. Soma herufi hiyo kabla hujaondoka dirishani. Na uliza kwanza kama watapokea asali, kwa kuwa ni kimiminika na ikivuja huchafua barua za watu.

Konda wa 5,000 mwache. Bila risiti huna mkataba na kampuni ya basi. Una ahadi ya mtu mmoja ambaye kesho anaweza kupangiwa njia ya Mwanza.

Tuje kwenye bima, kwa sababu ipo siku utaihitaji. Siku ukipata oda ya katoni tano kwa mteja mmoja, hesabu inageuka. Wastani haujabadilika, lakini katoni tano ni 960,000 ya mtaji wako, na ikipotea kwa mkupuo mfuko wako wa shilingi elfu saba saba hautatosha na hutakuwa na ya kununulia asali tena Sikonge. Hasara unayoweza kuibeba, ibebe mwenyewe. Ile ambayo ingefunga biashara ndiyo ya kumlipa mtu akubebee. Asilimia 2 ya 1,440,000, yaani bei ya kuuzia katoni hizo tano, ni 28,800, na kwa mzigo huo ningelipa. Njia nyingine, ambayo watu huisahau, ni kugawa: katoni tatu leo, mbili keshokutwa kwa gari jingine. Mteja akikubali, umepunguza hatari bila kulipa senti.

Lakini kabla ya kulipa hiyo asilimia 2, uliza ni kitu gani hasa. Kuna vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Kimoja ni dhima ya msafirishaji, yaani kiasi ambacho kampuni yenyewe inakubali kulipa ikipoteza mzigo, ambacho mara nyingi kina kikomo kidogo kilichoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya risiti. Kingine ni bima kamili, ambapo kampuni ya bima inayosimamiwa na TIRA inabeba thamani uliyotangaza. Mwambie karani: "Nani atanilipa, ninyi au kampuni ya bima? Nionyeshe masharti." Na kutangaza thamani kwenye fomu peke yake si kukata bima. Kama hujalipia, ile namba uliyoandika inaweza kuwa ni taarifa tu.

Na usitangaze pungufu ili ulipe kidogo. Mimi niliwahi kutuma kichwa cha cherehani kwenda Mwanza. Thamani yake ilikuwa 300,000, nikaandika 150,000. Kilipigwa njiani, fundi akataka 80,000 kukitengeneza. Nilidhani nitalipwa zote, kwani 80,000 iko chini ya 150,000. Nikalipwa 40,000. Walinieleza kwamba niliikatia bima nusu ya mali, kwa hiyo kila hasara wanabeba nusu na nusu ni yangu. Wenye bima wanaiita kanuni ya wastani. Iliniuma sana, lakini walikuwa sahihi. Wewe andika thamani iliyo kwenye ankara ya mteja, na ankara yenyewe uiweke, maana wataidai.

Kwa asali kuna mtego wake. Bima nyingi za mizigo hazilipi uharibifu unaotokana na kasoro ya bidhaa yenyewe wala ufungashaji mbovu. Asali yenye unyevu uliozidi asilimia 20 inaweza kuchacha, ikatoa gesi, kofia ikainuka na asali ikatoka. Katoni itafika imelowa, nawe utasema imebamizwa, mkaguzi atafungua chupa, anuse, na madai yako yameisha. Pima unyevu wa kila pipa kwa refraktomita kabla ya kufungasha. Kama huna, tafuta kikundi cha wafugaji nyuki chenye nayo wakupimie. Chupa uziache na nafasi kidogo juu, weka sili ya foili chini ya kofia, kisha chukua chupa tatu kutoka kila fungu, zilaze kichwa chini juu ya karatasi usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa na doa, fungu hilo halisafiri. Picha ya chupa hizo na ya usomaji wa unyevu zihifadhi pamoja na risiti.

Jambo la mwisho kwenye bima liko kwa mteja wako. Akisaini "nimepokea salama" halafu akafungua nyumbani akakuta zimevuja, saini yake imeshakufungia mlango. Mwambie afungue pale pale kaunta. Wakimkataza, aandike kando ya saini: "haijakaguliwa ndani", na kama katoni ina unyevu au imebonyea, aandike hivyo na kupiga picha akiwa bado hapo. Uliza pia wanataka taarifa ya uharibifu ndani ya muda gani, na mwambie mteja muda huo.

Sasa katoni iliyopotea na mteja anayedai hela.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaanza na msimamo ambao wauzaji wengi hawaujui: mkikubaliana kwamba bidhaa itatumwa, kuikabidhi kwa msafirishaji huhesabiwa kwanza kuwa umemkabidhi mnunuzi, kama hamkupatana vingine. Lakini sheria hiyohiyo inakutaka ufanye mkataba wa kusafirisha unaofaa kwa aina ya mzigo. Ukipakia mzigo wa thamani kwa njia isiyofaa ukapotea, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa. Kwa hiyo usimjibu mteja kwa ukali, wala usimrudishie hela leo. Kuanzia sasa andika kwenye kila oda mstari mmoja: mzigo ni wa nani ukishapanda basi, na nani analipia bima akiitaka. Wakubwa wataitaka, wadogo watakubali basi.

Kwa katoni hii, kwanza andika barua fupi kwa ofisi ya basi, ya karatasi, ukiambatanisha nakala ya risiti. Waombe nakala ya ukurasa wa daftari wa siku ile, namba ya kitambulisho au ya simu iliyoandikwa, na jina la karani wa zamu. Pata muhuri wao kwenye nakala yako. Kama hawana namba yoyote iliyoandikwa, wamekabidhi mzigo bila kumtambua mpokeaji, na hapo dai lako ni kwao. Dai thamani yote pamoja na nauli, wakikuonyesha kikomo cha nyuma ya risiti waulize kama ulisomewa siku ya kutuma. Wakinyamaza, peleka nakala zilizogongwa muhuri LATRA wanaosimamia mabasi. Kama huduma yao ya vifurushi ina leseni ya TCRA, peleka na huko.

Kama ipo namba ya simu, jambo linabadilika. Mteja wako aliirusha picha kwa bodaboda aliyemchagua yeye. Ikiwa aliyechukua ni bodaboda huyo, basi mzigo ulikabidhiwa kwa mtu aliyetumwa na mteja, na wao wawili wana la kuzungumza kabla hawajaja kwako. Kwa hiyo ukipewa namba hiyo usiipigie wewe, maana ukiipiga itazimwa. Mtumie mteja wako tarakimu tatu za mwisho tu, umwombe akutajie namba nzima ya bodaboda wake.